Shilingi Inapoimarika: Kaya Inayotegemea Riyali na Hatari ya Ubadilishaji

Kuimarika kwa sarafu ya nchi huhesabiwa kuwa neema. Kwa kaya inayopokea fedha kutoka ughaibuni, hali huwa kinyume. Makala haya yanaonyesha kuwa ukubwa wa hatari hiyo hautokani na kiwango cha ubadilishaji peke yake, bali na sehemu ya mapato iliyokwisha kufungwa na malipo ya shilingi yasiyobadilika.

Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kwa kuwa riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, anayelipwa kwa riyali hukabiliwa na hatari ileile ya dola.

Tuchukue mfano wa kaya ya Mombasa inayotumiwa riyali 1,000 kila mwezi, tukiacha kando ada za kutuma. Januari ingepokea takriban shilingi 42,700, na Aprili 34,700. Mapato yamepungua kwa asilimia 19. Hata hivyo, kodi ya nyumba ni 12,000, rejesho la mkopo 14,000 na karo 8,000, jumla 34,000. Fedha za chakula zilizosalia zimeshuka kutoka 8,700 hadi 700. Bei za bidhaa kutoka nje huenda zikapungua, lakini kwa kuchelewa, na kodi haipungui.

Kinga ya kwanza ni kupanga malipo ya kudumu, hasa rejesho la mkopo, kwa kiwango cha chini ambacho sarafu imewahi kufikia katika miaka ya karibuni, si kwa kiwango cha siku ya kukopa. Ziada ya miezi mizuri iwekwe akiba: shilingi 4,000 kwa miezi sita hutoa 24,000, zinazoziba pengo la 8,000 kwa miezi mitatu. Akiba hiyo iwe ya shilingi. Kuiweka kwa dola, kama wengi wanavyoshauriwa, huiongezea kaya hatari ileile, kwani akiba hupungua thamani wakati uleule mapato yanaposhuka.

Kinga ya pili ni makubaliano ya kugawana hasara. Kudumisha shilingi 42,700 baada ya Aprili kungemlazimu mtumaji kutoa takriban riyali 1,230. Wakigawana nusu kwa nusu, angetuma kama riyali 1,115, na kaya ingepokea takriban 38,700. Vivyo hivyo, shilingi ikidhoofika, faida igawanywe.

Njia zote mbili hununua muda tu. Kiwango kisiporejea, kama ilivyotokea baada ya Aprili 2024, akiba huisha, na suluhisho hubaki kurefusha muda wa mkopo ili rejesho lipungue. Kwa hiyo washauri wa sera wanaopima ustahimilivu wa kaya hizi waulize kwanza kiasi cha malipo yake ya kudumu, ndipo waulize kiasi anachotuma aliye ughaibuni.