Baki Ndilo Linaloamua: Asimptoti Mlalo na Mshazari

Muuza maandazi analipa shilingi 12,000 kwa siku, kodi ya kibanda na mkaa pamoja, auze asiuze. Juu ya hapo, kila andazi linakula unga, sukari na mafuta ya shilingi 150. Akipika maandazi x, gharama ya andazi moja ni (150x + 12,000)/x. Akipika 100, kila moja limemgharimu shilingi 270. Akipika 400, ni 180. Akifikisha 1,200, ni 160. Gharama inashuka kila akiongeza, lakini haitafika 150 kamwe, kwa sababu zile 12,000 zinagawanywa vipande vidogo na vidogo zaidi bila kuisha. Tukichora grafu ya gharama hiyo, mchoro wake utausogelea mstari y = 150 kadiri tunavyokwenda kulia. Mstari wa namna hiyo, ambao grafu inaukaribia hadi tofauti kati yake na mstari iwe ndogo kuliko kiasi chochote utakachotaja, ndio asimptoti. Huu wa maandazi umelala sambamba na mhimili wa x, kwa hiyo ni asimptoti mlalo.

Hesabu za aina hii zina umbo moja: sehemu yenye kiasi juu na asili chini, na vyote viwili ni polinomia. Kujua mwisho wa grafu, jambo la kwanza la kutazama ni digrii, yaani kipeo kikubwa kuliko vyote cha x, juu na chini. Digrii ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini, asili inakua haraka kuliko kiasi na sehemu nzima inasinyaa kuelekea sifuri. Asimptoti ni y = 0. Digrii zikilingana, asimptoti ni uwiano wa vizigeu vya vipeo vikubwa. Kwa mfano (6x² + x − 4)/(3x² + 500) inaelekea 6/3, yaani 2. Sababu yake ni kwamba ukigawanya kila kijisehemu, juu na chini, kwa x², unabaki na 6 na 3 pamoja na vipande kama 1/x na 500/x², ambavyo vinatoweka x inapokuwa kubwa mno.

Ila usiitafute hiyo 2 karibu na chimbuko. Weka x = 10, utapata kama 0.76, mbali kabisa. Ile 500 bado ina nguvu. Kwenye x = 100 unapata kama 1.97, na hapo ndipo vipeo vikubwa vinaposhika usukani. Asimptoti mlalo inaeleza mwenendo wa mbali. Haisemi lolote kuhusu grafu ilivyo katikati.

Sasa tuje mahali ambapo wanafunzi wengi huteleza. Digrii ya juu ikizidi ya chini kwa moja kamili, grafu haitulii kwenye kimo kimoja. Inapanda au kushuka daima, lakini ikiandamana na mstari ulioinama: asimptoti mshazari. Tuchukue

y = (2x² + 3x − 5)/(x − 2)

Aliyezoea asimptoti mlalo atatazama vipeo vikubwa tu, agawanye 2x² kwa x, kisha atangaze kuwa jibu ni y = 2x. Mteremko ameupata sawasawa. Mstari wenyewe ameukosa. Kwenye x = 102 hesabu inatoa 211.09, ilhali 2x ni 204. Pengo ni zaidi ya 7, na ukienda hadi x = 1,002 pengo bado ni 7.009. Mstari ambao grafu inakaa umbali wa 7 kutoka kwake si asimptoti, ni mstari sambamba tu. Kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato: lazima tugawanye hadi tufike kwenye baki.

Mgawanyo wenyewe ni uleule wa shule ya msingi, isipokuwa badala ya tarakimu tunashughulika na vipeo. Tunajiuliza kwanza: x inaingia mara ngapi katika 2x²? Mara 2x. Tunazidisha 2x kwa (x − 2), tunapata 2x² − 4x, kisha tunatoa. Hapa alama zinahitaji macho: 3x kutoa −4x ni 3x + 4x, yaani 7x, wala si −x. Tunashusha −5 na kuwa na 7x − 5. Sasa x inaingia mara 7 katika 7x. Tunazidisha 7 kwa (x − 2), tunapata 7x − 14, tunatoa tena: −5 kutoa −14 ni 9.

```
  2x² + 3x − 5
−(2x² − 4x)        hatua ya 2x
  ------------
        7x − 5
      −(7x − 14)   hatua ya 7
        --------
             9     baki
```

Tunaishia hapo, kwa kuwa digrii ya 9 ni ndogo kuliko ya (x − 2). Basi

y = 2x + 7 + 9/(x − 2)

Asimptoti mshazari ni y = 2x + 7. Ile 7 ambayo mkato uliipoteza ilikuwa imejificha katika 3x ya kiasi na −2 ya asili: kila unapozidisha kwa (x − 2), hiyo −2 inaacha kitu cha kuongeza kwenye hatua inayofuata.

Baki nalo lina habari yake. Sehemu 9/(x − 2) ndiyo tofauti kamili kati ya grafu na mstari. Kwenye x = 12 tofauti ni 0.9: grafu iko 31.9, mstari uko 31. Kwenye x = −8 tofauti ni −0.9: grafu iko −9.9, mstari uko −9. Kwa hiyo kulia kwa x = 2 grafu iko juu ya mstari, kushoto iko chini. Na pale x = 2 asili inakuwa sifuri, hivyo kuna asimptoti wima. Mchoro huu ni haiperbola iliyoinama, umbo ambalo Apolonio wa Perga aliwachambulia Wayunani pamoja na asimptoti zake katika kitabu cha pili cha Konika, bila aljebra hii tuliyo nayo.

Kuna imani kwamba grafu haiwezi kukata asimptoti yake. Inaweza. Gawanya x³ + x² kwa x² + 1, ukikumbuka kuandika 0x mahali pa kipeo kinachokosekana ili nguzo zisichanganyike. Utapata x + 1, baki −x − 1. Baki hilo ni sifuri x ikiwa −1, na hapo ndipo grafu inapoukata mstari y = x + 1. Baki likiwa sifuri kila mahali, kama katika (x² − 4)/(x − 2), grafu ni mstari x + 2 wenyewe, ukiwa na tundu moja kwenye x = 2.

Digrii ya juu ikizidi kwa mbili au zaidi, mgawanyo hautoi mstari. Utatoa x² au zaidi, na grafu itafuata mkunjo huo. Asimptoti iliyonyooka haipo, mlalo wala mshazari. Kanuni hizi zote ni za sehemu za polinomia, ambazo hufuata mstari uleule kulia na kushoto. Mzizi wa pili wa x² + 1 haumo katika kundi hilo: kulia unaukaribia mstari y = x, na kushoto y = −x.