Kurasa za Saizi Tofauti Katika Faili Moja

Kuunganisha mafaili ya PDF hakubadilishi saizi ya kurasa zake. Kila ukurasa hubeba vipimo vyake wenyewe, vinavyohesabiwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Ndiyo maana kitabu cha zabuni kilichokusanywa kutoka kwa watu mbalimbali huruka saizi kila msomaji anapoteremka.

Chukua zabuni yenye barua ya A4, wasifu wa mtaalamu uliotoka Marekani, bajeti ya Excel iliyolala na cheti kilichopigwa picha kwa simu. Kabla ya kugusa chochote, programu ya pdfinfo huonyesha kila ukurasa ulivyo:

```
pdfinfo -f 1 -l -1 zabuni.pdf
```

A4 husomeka 595 x 842. Wasifu utasomeka 612 x 792, yaani Letter ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4. Kuuvuta ujaze karatasi nzima hurefusha herufi, jambo lisilofaa kabisa. Upana na urefu hupunguzwa kwa kiwango kimoja, asilimia 97, kisha nafasi inayobaki hugawanywa juu na chini, karibu milimita 13 kila upande.

Cheti hushangaza zaidi: 2480 x 3508, karatasi yenye upana wa sentimita 87! Programu imeihesabu kila nukta ya picha kuwa pointi moja. Kukipunguza hadi A4 hakuharibu chochote, kwa kuwa nukta zote za picha hubaki.

Bajeti ndiyo inayohitaji uamuzi. Ikibanwa ndani ya ukurasa wa wima, hupungua hadi asilimia 71, na herufi za pointi 10 huwa za pointi 7, ambazo mkaguzi atazisoma kwa taabu. Kwa kitabu kitakachochapwa, ni bora kuigeuza kinyume na mwendo wa saa, ili kichwa cha jedwali kielekee upande wa kushoto penye jalidi:

```
qpdf bajeti.pdf bajeti-wima.pdf --rotate=-90
pdfjam --paper a4paper --outfile kitabu.pdf barua.pdf wasifu.pdf bajeti-wima.pdf cheti.pdf
```

Kuna mtego hapa. Ukurasa unaweza kuandikwa 595 x 842 na bado ukaonekana umelala, kwa sababu una alama ya mzunguko. Kwa hiyo mstari wa `rot` katika majibu ya pdfinfo usomwe pamoja na vipimo. Anayetazama vipimo peke yake hugeuza ukurasa usiostahili, au huuacha uliostahili.

Pdfjam huziunda kurasa upya. Viungo vya kubofya hupotea, na sahihi ya kidijitali haibaki halali. Hati iliyotiwa sahihi ya namna hiyo huambatishwa kando, katika saizi yake ya asili.