Barua ya Mangi

Kwenye mlango wa duka la mtaani kwetu, Dar es Salaam, kuna kibao cha miaka mingi: “Leo fedha, kesho mkopo.” Mwanzoni mwa Januari, Mangi (ndivyo wenye maduka wanavyoitwa hapa, wawe Wachaga au la) alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, pamoja na chenji yangu.

“Mteja wangu, heri ya mwaka mpya. Asante kwa kuniunga mkono. Najua mwezi huu ni mrefu. Hadi tarehe 31 unaweza kuchukua unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni na madaftari ya watoto, jumla isizidi 30,000. Utalipa bei ileile. Mtoto akitumwa, aje na kijitabu. Ukikwama, pita tuongee kabla ya tarehe.”

Mwezi ni mrefu kweli. Wengi hulipwa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi, kisha sikukuu na shule huumaliza kabla Januari haijafika katikati.

Nilimuuliza kwa nini asiibandike mlangoni. Akacheka, akachukua kalamu. Tuseme gunia la sukari la kilo 50 amelinunua 135,000, na kilo anauza 3,000. Likiisha lote amepata 150,000, yaani faida ya 15,000. Kilo tano tu zisipolipwa, faida yote imekwenda, na hapo hatujagusa kodi ya fremu wala umeme. Ndiyo maana barua ziliandikwa 20 tu, kwa watu anaowajua nyumba zao. Wote wakichukua kikomo, 600,000 zimetoka dukani, na kwa jumla lazima atafute fedha nyingine ya kununulia mzigo. Vocha haimo kwenye orodha kwa sababu faida yake ni ndogo mno; sigara haimo kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mtu akikumbuka deni la sigara.

Kijitabu nacho kina kisa chake. Zamani aliandika kwenye daftari lake peke yake. Mwisho wa mwezi mama anakataa kilo mbili za mchele: alimtuma mtoto kilo moja. Nani mwongo? Siku hizi kila kinachochukuliwa huandikwa mara mbili, kwake na kwa mteja, wote wakiwapo.

Lakini sentensi anayoitegemea zaidi ni ile ya mwisho. Deni likimshinda mtu, hagombani. Huanza kupita uchochoro wa pili na kununua sukari yake, kwa fedha taslimu, duka la mbali. Mangi humwona akizunguka na mfuko mkononi. Hapo amepoteza deni na mteja kwa pamoja. Anayekuja kusema amekwama humgawia deni mara mbili, nusu Januari na nusu Februari, na kijitabu chake hufungwa mpaka amalize.

Mwaka jana, kati ya barua 20, wawili walipita uchochoroni. Mwaka huu hawakupewa karatasi, ila mmoja amerudi na 18,000 mkononi, akaomba kibao kisimhusu.