Ukikamatwa Ijumaa jioni: saa za polisi na maswali unayoweza kuuliza

Tuchukue mfano wa kijana anayeuza katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Ijumaa jioni mwenye duka anakuta roli nne za nyaya hazipo, anapiga simu kituoni, na askari wawili wasiovaa sare wanafika. Wanamwambia kijana, “Twende kituoni, ukatusaidie kidogo.” Hawamfungi pingu. Hawatamki neno kukamata. Kijana anafunga mlango wa duka na kuwafuata, akiamini kwamba ameitwa tu.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani kukamatwa kunahitaji pingu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayotumika Tanzania Bara tangu mwaka 1985, haiangalii pingu. Inaangalia kama unaweza kuondoka. Ukiwa na askari kwa jambo linalohusu upelelezi wa kosa, naye hatakuruhusu kwenda zako hata ukitaka, uko chini ya ulinzi. Kushikwa mwili ni njia moja tu ya kukamatwa. Ukijisalimisha kwa maneno au kwa vitendo, nako ni kukamatwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kijana wetu, aliulize palepale dukani kwa sauti ya adabu: “Afande, niko chini ya ulinzi, au niko huru kubaki hapa?” Jibu likiwa yuko huru, anaweza kuomba apewe wito wa siku nyingine. Jibu likiwa yuko chini ya ulinzi, swali la pili linafuata: “Kwa kosa gani?” Askari anayekamata anatakiwa kumweleza mtu kosa analotuhumiwa wakati huohuo wa kumkamata. Halazimiki kutaja kifungu wala kutumia lugha ya kisheria. “Unatuhumiwa kumwibia mwajiri wako nyaya” inatosha. “Utajua mbele ya safari” haitoshi. Wajibu huo unamwondokea askari pale tu mazingira yenyewe yanapomfanya mtu ajue kwa nini anakamatwa, kama aliyefumaniwa na mali mkononi, au pale mtu anapopigana au kukimbia hata asiweze kuelezwa.

Anaweza pia kuuliza jina na cheo cha askari, na kituo anachopelekwa, ili ndugu zake wajue pa kuanzia kumtafuta. Na kama simu yake inachukuliwa, au askari wanapekua na kubeba kitu, aombe hati ya kukamata mali. Hati hiyo inataja kitu kilichochukuliwa na hutiwa saini na askari, na mwenye mali, na mashahidi waliokuwepo. Asikubali kutia saini karatasi ambayo bado ina nafasi tupu. Kesi nyingi za wizi na za dawa za kulevya zimesimama au kuanguka kwa karatasi hiyo.

Kituoni hatua inabadilika. Kukamatwa ni tukio la dakika chache. Kushikiliwa ni muda, na muda huo una hesabu mbili za saa zinazokwenda kwa pamoja. Watu huisikia ile ya saa 24. Ile ya saa nne wachache wanaijua, na mimi naiona ndiyo yenye nguvu zaidi kwa mtuhumiwa.

Saa nne ni muda wa msingi ambao polisi wanao wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Zinaanza kuhesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo, ila muda wa kusafirishwa kwenda kituoni hauingii, na muda ambao mahojiano yamesimama ili azungumze na wakili au ndugu hauingii pia. Kijana wetu alichukuliwa saa kumi na moja, safari ya foleni ikawachukua robo tatu ya saa. Mahojiano yake basi yanapaswa kuwa yamekwisha saa nne kasorobo usiku. Mkuu wa upelelezi akiona muda hautoshi, anaweza kuongeza hadi saa nane nyingine kwa sababu ya msingi, na lazima mtuhumiwa aambiwe. Zaidi ya hapo aombe kwa hakimu, tena kabla muda haujaisha.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu ya maelezo ya onyo. Hayo ni maelezo ambayo mpelelezi huyaandika baada ya kumwambia mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote isipokuwa kwa hiari yake, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Mara nyingi ndiyo ushahidi mzito kuliko wote ulio katika jalada. Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo ya namna hiyo katika hukumu nyingi kwa sababu yaliandikwa baada ya saa nne kupita, bila kuongezwa muda na bila sababu. Kijana akilazwa mahabusu Ijumaa, akatolewa Jumatatu asubuhi aandike maelezo, kasoro hiyo inaweza kumwokoa. Haimwokoi kila wakati. Polisi wakieleza kwamba walichelewa, kwa mfano, kwa kuwa walimzungusha mikoani kutafuta wenzake, mahakama inaweza kuukubali ushahidi huo.

Ndiyo maana natamani kila mtu akumbuke kuuliza, mara tu afikapo kaunta: “Afande, umeniandika saa ngapi?” Kitabu cha mahabusu kina muda wa kuingia. Mtuhumiwa ambaye hajui aliandikwa saa ngapi hawezi kuuliza chochote kuhusu saa nne.

Kabla ya kuhojiwa askari anapaswa kujitambulisha kwa jina na cheo, kumweleza mtuhumiwa kwa lugha anayoifahamu kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani, kumpa lile onyo, na kumwambia kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Jina na anwani yako zitoe. Mengine unaweza kusema, “Nitaeleza wakili wangu akiwepo.” Ombi la kumpigia ndugu linaweza kukataliwa, lakini kwa sababu maalumu: askari awe anaamini kwamba simu hiyo itamtorosha mshirika au kupoteza ushahidi. Ukikataliwa, uliza sababu ni ipi. Na kama umeumizwa au unaumwa, omba matibabu. Askari hana haki ya kukuambia usubiri kesho.

Maelezo yakimalizika yasome yote, au usomewe kama hujui kusoma. Una haki ya kurekebisha au kuongeza kabla ya kutia saini. Kinachoniuma ni kuona watu wakitia saini kwa uchovu, kisha wakikana mahakamani kila neno lililo juu ya saini yao.

Sasa ile ya saa 24. Kijijini na mjini utasikia kwamba polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 24, basi. Sheria haijasema hivyo kwa ufupi huo. Inasema kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, kama haionekani kuwezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo lazima aichunguze kesi, na kosa likiwa si zito, amwachie kwa dhamana. Asiyeachiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mwanya unaofanya watu wanaotuhumiwa kwa makosa mazito wakae ndani siku nyingi, na kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo dhamana ya polisi haipo kabisa.

Lakini rudi kwa kijana wetu. Watu humwambia, “Umekamatwa Ijumaa, utakaa mpaka Jumatatu,” kana kwamba Jumamosi na Jumapili zinasimamisha sheria. Mimi naisoma kinyume chake. Mahakama zikiwa zimefungwa, ni wazi tangu Ijumaa usiku kwamba hatafikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 24, na hapo ndipo wajibu wa mkuu wa kituo wa kufikiria dhamana unapoanza kumbana. Kwa roli nne za nyaya, ndugu akija Jumamosi asubuhi na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, aombe kumwona mkuu wa kituo mwenyewe, si askari wa kaunta. Amuulize kama mpelelezi ameshika jalada, na kama dhamana imekataliwa, imekataliwa kwa sababu gani. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anaahidi kumleta mtuhumiwa, hanunui uhuru wake, na pesa yoyote itakayoombwa kwenye kaunta haimo katika utaratibu huo. Siku zikipita naye bado yuko ndani, ndugu au wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwataka polisi wamlete na waeleze kwa nini wanamshikilia.

Kushtakiwa ni hatua ya tatu. Hatokei askari akakushtaki kwa mdomo kituoni. Unashtakiwa pale hati ya mashtaka inapofikishwa mahakamani na kusomwa mbele ya hakimu. Hati hiyo ina sehemu mbili za kusoma kwa makini: kosa lenyewe na kifungu cha sheria kilichovunjwa, kisha maelezo ya kosa, yaani lini, wapi na nini. Kijana asikilize kama nyaya zilizotajwa ni roli nne au kumi, na kama kosa ni wizi wa kawaida au wizi wa mtumishi dhidi ya mwajiri wake, kwa kuwa adhabu zake hazilingani. Aombe kusomewa tena kwa lugha anayoielewa kabla ya kujibu kama ni kweli au si kweli. Kuanzia hapa maswali hayaendi tena kwa mpelelezi. Dhamana huombwa kwa hakimu, na hakimu ndiye anayetamka masharti yake. Makosa machache, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, hayana dhamana, na katika mashauri yanayosikilizwa na Mahakama Kuu mshtakiwa anaambiwa asijibu lolote, kesi ikawa inaahirishwa kwa kusubiri upelelezi ukamilike.

Kuna jambo moja linalowashangaza sana ndugu waliokuja na furaha. Mashtaka yanaweza kuondolewa na mtu akaachiwa huru na hakimu, kisha akakamatwa tena kwenye ngazi za mahakama, kwa kuwa kuondolewa kwa mashtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea hakuzuii kufunguliwa upya. Huko ni kukamatwa kupya. Askari anatakiwa kutaja kosa tena, muda unaandikwa upya kitabuni, na kuhojiwa kwa mara ya pili kuna saa nne zake.