Saa Tano za Giza, Faini Hakuna

Mkataba ukiahidi kuwa mfumo utapatikana kwa asilimia 99.5 kila mwezi, mkaguzi huanza na hesabu. Siku 30 ni saa 720, hivyo kukatika kunakoruhusiwa ni saa 3 na dakika 36.

Tuseme mfumo ulizimika saa 5. Faini? Bado. Ukurasa wa fasili, ambao wengi huuruka, huenda ukaondoa matengenezo yaliyotangazwa mapema. Yakiwa saa 2, mtoa huduma hajavunja ahadi.

Muda wa kuitikia nao huandikwa kando na wa kutatua, pamoja na saa za kazi. Ofisi ikifungwa Ijumaa saa 11 jioni na kufunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi, tatizo lililoripotiwa wakati wa kufunga, kwa ahadi ya saa 4 za kazi, laweza kuitikiwa Jumatatu saa 6 mchana bila kosa.