Tamaa Kwenye Droo ya Chenji

Neno "shilingi" lilifika Afrika Mashariki pamoja na Waingereza, lakini shilingi hizo mbili hazikuwa sawa. Ya kwetu hugawanyika senti 100. Ya Uingereza, hadi sarafu zilipobadilishwa tarehe 15 Februari 1971, iligawanyika peni 12. Juu ya shilingi palikuwa na florini ya peni 24 na nusu-krauni ya peni 30. Chini yake sarafu za peni 6, 3 na 1. Sisi tunaosoma kompyuta hapa chamani tumezichagua sarafu hizo za zamani kwa kuwa zinafichua kosa ambalo sarafu za leo hulificha.

Tuseme ni mwaka 1965, nawe uko nyuma ya kaunta ya duka. Mteja anadai chenji ya peni 48, na unataka kumpa sarafu chache iwezekanavyo. Wengi wetu tungeanza na sarafu kubwa kuliko zote inayoingia, kisha kubwa inayofuata, mpaka deni liishe. Hiyo huitwa njia ya tamaa. Unatoa nusu-krauni, zinabaki peni 18. Unatoa shilingi, zinabaki 6. Unamalizia na sarafu ya peni 6. Jumla ni sarafu tatu. Lakini florini mbili ni peni 48 kamili! Tamaa mbele, sarafu ya ziada nyuma.

Kwa nini? Kwa sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20 za Kenya, kila moja huingia kamili katika ile inayofuata. Ukiwa na mbili za 10 mkononi, unaweza kuzibadilisha kwa moja ya 20, kwa hiyo kuanza na kubwa hakukupi hasara. Florini haiingii kamili katika nusu-krauni. Ukishachukua nusu-krauni, mlango wa florini mbili umefungwa, na njia ya tamaa hairudi nyuma kuangalia.

Dawa yake ni kujaza jedwali, njia ambayo katika masomo yetu huitwa uprogramishaji dinamiki. Wazo lenyewe ni rahisi: chenji yoyote ina sarafu ya mwisho. Ukiiondoa hiyo, kinachobaki ni deni dogo zaidi, ambalo jibu lake umeshaliandika. Basi jaribu kila sarafu iwe ya mwisho, uchague inayoacha deni lenye jibu dogo kabisa, kisha uongeze moja.

Ili jedwali liwe fupi, tuhesabu kwa mafungu ya peni 6. Sarafu zinakuwa 1, 2, 4 na 5, na deni letu ni 8. Deni la 0 halihitaji sarafu. Deni la 1, 2, 4 na 5 linalipwa kwa sarafu moja. Deni la 3, 6 na 7 linahitaji mbili. Sasa tufike 8. Sarafu ya mwisho ikiwa 1, linabaki deni la 7. Ikiwa 2, linabaki 6. Ikiwa 5, linabaki 3. Yote hayo yanahitaji sarafu mbili, kwa hiyo jumla ni tatu. Lakini ikiwa 4, linabaki deni la 4, lenye sarafu moja, na jumla ni mbili. Hiyo ndiyo florini ya pili.

Katika Python ni mistari minne:

```
d = [0]
for k in range(1, 9):
    d.append(1 + min(d[k-s] for s in (1, 2, 4, 5) if s <= k))
print(d)
```

Inachapisha `[0, 1, 1, 2, 1, 1, 2, 2, 2]`. Ukitaka kujua ni sarafu zipi, andika kando ya kila deni sarafu ya mwisho iliyoshinda, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua.

Utajuaje kama sarafu za nchi fulani zina mtego huu? Mwaka 1994 Dexter Kozen na Shmuel Zaks walithibitisha kwamba, ikiwapo sarafu ya 1, deni dogo kabisa linaloikosesha njia ya tamaa, kama lipo, huwa chini ya jumla ya sarafu mbili kubwa. Hapa jumla hiyo ni 30 na 24, yaani 54, na kweli kosa limejitokeza kwenye 48. Linganisha njia zote mbili hadi hapo. Zikikubaliana kote, tamaa ni salama.

Angalizo moja: jedwali letu linadhani droo haiishiwi sarafu. Ikiwa imebaki florini moja tu, jibu la sarafu mbili halipo tena, na lazima jedwali lihesabu pia idadi ya kila sarafu iliyomo. Jaribuni wenyewe: droo ina florini moja na sarafu nyingine tele. Je, peni 48 zitalipwa kwa sarafu ngapi?