Kabla Mteja wa Pili Hajakaa

Mtaani kazi ya kucha hufanyika barazani au sebuleni kwa mteja mwenyewe. Fundi huja na kimkoba chake: mkasi mdogo, kikata kucha, kijiti cha chuma cha kusukumia ngozi, tupa, jiwe la visigino, rangi na pakiti ya nyembe. Beseni na maji ya moto hutoa mwenye nyumba. Ukiwa mteja wa tatu siku hiyo, usianze kwa kuchagua rangi. Tazama kwanza fundi anaufanyia nini ule mkasi uliotoka sasa hivi kwenye vidole vya aliyekutangulia.

Wengi huufuta kwa pamba yenye spiriti, au huuchovya kwenye maji yaliyotiwa matone mawili matatu ya dawa ya kuua vijidudu, kazi ikaendelea. Haitoshi. Mkasi unaopita pembezoni mwa kucha huchubua ngozi hata pale ambapo hakuna aliyeona damu, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, ndani ya damu iliyokwisha kukauka. Fangasi nao husafiri na vumbi la kucha lililonasa kwenye kifaa.

Kazi ya kwanza ni kuosha, na ndiyo inayorukwa zaidi. Dawa haiui kile isichokifikia, na mafuta, damu na mabaki ya ngozi ndiyo yanayovificha vijidudu. Jik yenyewe hupungua nguvu ikikutana na uchafu. Basi chukua maji, sabuni na mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo. Fungua mkasi usugue pale kwenye kiungio. Kikata kucha kifungue kabisa, maana nyuma ya meno yake ndiko hujificha vipande vyeupe vya kucha ambavyo kufuta kwa pamba hakuvitoi. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa safi.

Hapo ndipo kuua vijidudu kunapofuata, na mimi nachagua sufuria. Vifaa vya chuma vizame vyote, vichemke dakika 20, ukianza kuhesabu pale maji yanapotokota. Asiyeweza kuchemsha atumie Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, kama lebo inavyoonyesha: kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji, dakika 10, halafu asuuze mara moja kwa sababu Jik hula chuma. Mchanganyiko huo umwagwe siku hiyohiyo, na Jik isichanganywe na spiriti, siki wala dawa za kusafishia choo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Spiriti ya asilimia 70 nayo inafaa ikiwa kifaa kimezamishwa dakika 10. Ile ya kupanguswa kwa pamba hukauka upesi kabla haijamaliza kazi.

Mafundi husema hakuna muda wa hayo yote. Tuhesabu Jumamosi moja ya harusi, wateja watatu, kila mmoja dakika 45, na fundi mwenye seti mbili za vifaa vya chuma. Mteja wa kwanza anaanza saa 8:00 mchana na kumaliza saa 8:45. Vifaa vyake vinaoshwa, na saa 8:55 sufuria iko jikoni. Saa 9:00 mteja wa pili anakaa na kufunguliwa seti ya pili. Maji yakitokota saa 9:05, saa 9:25 seti ya kwanza imekwisha kuchemka, inapoa juu ya kitambaa safi. Mteja wa pili akiinuka saa 9:45, wa tatu anaikuta tayari. Hakuna aliyengoja. Fundi mwenye seti moja ndiye anayekwama, na kwa kukwama huko anaishia kwenye pamba.

Kuna vitu ambavyo sufuria haivisaidii: tupa ya karatasi, kijiti cha mti, sponji na jiwe la visigino. Vina vijitundu vinavyomeza uchafu na maji, wala havisafishiki kwa uhakika. Kila mteja awe na vyake, akae navyo nyumbani.

Kuhusu ngozi ya shina la kucha, fundi husikia ombi lilelile: "Dada, nikatie hizi nyama zote, pawe safi." Asikubali. Ngozi ile imeziba mwanya kati ya kucha na kidole, na ikikatwa, vijidudu vina pa kupita. Siku chache baadaye kidole kinavimba, kinapwita usiku na kutunga usaha: mdudu wa kidole. Ilowekwe kwenye maji ya vuguvugu kama dakika 5, isukumwe taratibu, na kikatwe kile kipande kilichokufa tu kinachoning'inia.

Miguu ina habari yake. Mwaka 2000, mjini Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni. Bakteria walikuwa wamejaa kwenye uchafu na nywele nyuma ya vichujio vya mashine za kuoshea miguu, na waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda ndio waliokuwa hatarini zaidi. Beseni la plastiki halina mabomba ya kuficha uchafu, ila nalo lisuguliwe kwa sabuni, litiwe Jik, lisuuzwe na kukaushwa kabla ya kila mteja. Anayetaka kunyoa miguu anyoe baada ya huduma.

Kucha za miguuni zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe, la sivyo kucha huota kuingia ndani ya nyama. Kisigino kisikwanguliwe kwa wembe. Ukikuta kucha nene, ya njano, inayomomonyoka kama chaki, usiifunike kwa rangi. Mpeleke mwenyewe kituo cha afya. Kucha ya dole gumba la mguu huchukua mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu kuota upya, ndiyo maana tiba ya fangasi huenda polepole. Mwenye kisukari aulizwe mapema: huenda hahisi maji yanapomchoma wala mkasi unapomkata. Maji yake fundi ayapime mwenyewe, na visigino vyake aviachie wahudumu wa kliniki.

Kwenye nyusi, hatari ni wembe. Anayetinda hufunua karatasi ya wembe mpya mbele ya mteja, huuvunja katikati, nusu moja hutumika na kutupwa kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko. Nusu ya pili ni ya mteja mwingine, iwapo tu haijagusa ngozi. Kibano kinafuata njia ya mkasi: sabuni, kisha sufuria. Anayetumia uzi akate mpya kwa kila mtu, na asiung'ate kwa meno, maana ule uzi unatoka kinywani kwenda kwenye vitundu vya nywele vilivyofunguka. Mwenye chunjua au kipele karibu na nyusi asitindwe hadi kipone, kwani wembe na uzi huvisambaza usoni.

Fundi naye anachomwa na kukatwa vidole. Akikatwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilinyonye wala kulikamua, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kabla siku hiyo haijafika, chanjo ya homa ya ini B ipo: hutolewa mara 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, na ya tatu ikikamilika miezi 6.